SOMO LA KIKUNDI: KUUNDA MGUU WA KATUNI UNAOKANYAGA ARDHI KWELI



Wapakuzi wa magunia katika kiwanda kimoja cha chai walitazama filamu fupi ya katuni tuliyowatengenezea. Ilikuwa inaeleza namna ya kushuka ubao wa lori uliolowa maji huku mtu amebeba gunia, na hasa jinsi mguu unavyoponyoka mara tu kisigino kinapogusa ubao. Filamu ilipokwisha mzee mmoja akasema: "Huyu mtu wenu anateleza tangu mwanzo. Sasa hatari iko wapi?"

Alikuwa amesema kweli. Mtu wetu wa katuni alikuwa akiteleza kila hatua, hata pale tulipotaka aonekane amekanyaga imara. Vidole vilizama ardhini, kisigino kikaelea, na wayo mzima ukaburutika kama fagio. Ilipofika picha ya kuteleza kwenyewe, hakuna aliyeona tofauti. Filamu ya kufundisha juu ya utelezi haina kazi ikiwa mguu haujui kutulia.

Kosa halikuwa la mchoraji. Lilikuwa katika jinsi mifupa ya mguu ilivyofungwa. Somo hili linaeleza namna ya kuifunga upya, ili mguu uwe na bawaba tatu: kisiginoni, kwenye shina la vidole, na kwenye ncha ya vidole. Tunatumia programu ya Blender, ambayo tangu mwaka 2002 ni programu huria na haidai malipo, hivyo kikundi chochote chenye kompyuta kinaweza kuitumia.

Katika somo hili, "wayo" ni sehemu ya chini ya mguu kuanzia kifundo hadi vidoleni. "Shina la vidole" ni pale vidole vinapokunjikia mtu anapoinua kisigino. "Kiunzi" ni ile mifupa ya ndani inayoichukua katuni.

1. KWA NINI MIFUPA YA KAWAIDA HAIFAI

Katika kiunzi cha kawaida mifupa hufuatana kutoka juu kwenda chini: paja ni mzazi wa muundi, muundi ni mzazi wa wayo, na wayo ni mzazi wa vidole. Mzazi akisogea, mtoto humfuata. Mpango huu unafaa kwa mkono unaopunga hewani, kwa sababu mkono huo unaning'inia begani.

Mguu unaokanyaga hauning'inii. Ndugu msomaji, simama uinue kisigino polepole. Utaona kwamba vidole vimebaki mahali pake, na ni kifundo kinachopanda na kwenda mbele. Yaani kilicho chini ndicho kilichotulia, na kilicho juu ndicho kinachofuata. Katika kiunzi cha kawaida mambo ni kinyume: bawaba ya wayo iko kwenye kifundo, hivyo ukiuzungusha wayo, kifundo kinatulia na vidole ndivyo vinavyosogea.

Tuchukue wayo wenye urefu wa sentimeta 25, ambao kifundo chake kiko sentimeta 9 juu ya ardhi, na ncha ya vidole iko sentimeta 19 mbele ya kifundo. Tukiuzungusha digrii 40 kwa bawaba ya kifundo ili kisigino kiinuke, ncha ya vidole inashuka sentimeta 10 chini ya ardhi. Mchoraji atainua mguu mzima ili kuficha kosa hilo, kisha vidole vitasogea, naye atavirudisha nyuma. Kila fremu ana kazi ya kurekebisha, na kila rekebisho linaacha mtelezo mdogo. Ndio ule mburuto aliouona mzee wetu.

Dawa yake ni kugeuza ukoo wa wayo juu chini: bawaba zinazogusa ardhi ziwe wazazi, na kifundo kiwe mtoto wao. Ndiyo maana mpango huu huitwa mguu wa kinyume.

2. MIFUPA YA MWILI

Fungua Blender, weka kiunzi kipya, yaani `Armature`, kwenye kitovu cha ramani, kisha uingie `Edit Mode`. Katuni iwe inatazama upande wa `-Y`, ambao ndio unaoonekana ukibonyeza `1` kwenye namba za kando. Kipimo kimoja cha Blender ni meta moja. Usiweke mifupa kwa kukisia kwa jicho. Bonyeza `N`, na katika ukurasa wa `Item` utaona nafasi za `Head` na `Tail`, yaani mwanzo na mwisho wa mfupa. Andika namba mwenyewe.

Kwa mguu wa kushoto tunahitaji mifupa minne iliyounganika:

- `paja.L` kuanzia (0.1, 0, 0.90) hadi (0.1, -0.09, 0.49)
- `muundi.L` kutoka hapo hadi (0.1, 0, 0.09)
- `wayo.L` kutoka hapo hadi (0.1, -0.12, 0.02)
- `vidole.L` kutoka hapo hadi (0.1, -0.19, 0.02)

Angalia kwamba goti limesogea mbele sentimeta 9. Goti lililonyooka kabisa halijui likunjike upande gani, na mara nyingine litakunjika kinyumenyume. Zile herufi `.L` mwishoni mwa majina nazo si pambo. Ndizo zitakazoiwezesha Blender kutengeneza mguu wa kulia baadaye.

Mifupa hii minne peke yake ndiyo itakayovuta ngozi na nguo za katuni. Mingine yote tunayoiongeza ni ya kuongoza tu, kwa hiyo kila mmoja wao uuondolee alama ya `Deform`.

3. MFUPA MKUU NA BAWABA TATU

Sasa tunaongeza mifupa minne mifupi iliyosimama wima, kila mmoja urefu wa sentimeta 5. Bonyeza `Shift+A` kupata mfupa mpya, andika namba za `Head`, na katika `Tail` andika namba zile zile, ila ya mwisho iongeze 0.05. `Roll` iwe 0. Kusimama kwao wima kuna sababu: mifupa yote ikisimama namna moja, basi mzunguko wa `X` katika kila mmoja una maana moja. Namba ya kuongeza huinua kisigino, na namba ya kupunguza huinua vidole.

- `mguu_kuu.L` kwenye (0.1, 0, 0). Huu ndio mfupa mkuu atakaoushika mchoraji.
- `b_kisigino.L` kwenye (0.1, 0.06, 0)
- `b_ncha.L` kwenye (0.1, -0.19, 0)
- `b_shina.L` kwenye (0.1, -0.12, 0.02)

Bawaba ya shina la vidole lazima iwe mahali pale pale `wayo.L` unapoishia, bila kupungua wala kuzidi. Bawaba za kisigino na ncha lazima ziwe ukingoni kabisa mwa soli, si mahali mfupa wa ndani unapoishia. Katuni akivaa gambuti, soli ya gambuti ndiyo inayohesabiwa. Ukiiweka bawaba ya kisigino sentimeta 3 ndani ya ukingo, kisha wayo ukainuka vidole digrii 20, ukingo wa nyuma utazama ardhini sentimeta moja. Ni kidogo, lakini kwenye skrini mtu anaona kama anakanyaga tope.

Halafu tengeneza nakala mbili. Chagua `wayo.L`, bonyeza `Shift+D`, kisha `Esc` ili nakala ibaki pale pale. Iite `l_wayo.L`. Fanya hivyo kwa `vidole.L` na nakala iite `l_vidole.L`. Herufi `l` mwanzoni ni ya "lengo", kwa kuwa mifupa ya mwili itazifuata nakala hizi.

4. UKOO WA KINYUME

Hapa ndipo ulipo moyo wa kazi. Kwa kila mfupa fungua ukurasa wa `Bone`, sehemu ya `Relations`, uandike mzazi wake katika `Parent`. Alama ya `Connected` iondolewe, la sivyo mfupa utaruka kwenda kubandikwa mwishoni mwa mzazi.

- `b_kisigino.L` mzazi wake ni `mguu_kuu.L`
- `b_ncha.L` mzazi wake ni `b_kisigino.L`
- `b_shina.L` mzazi wake ni `b_ncha.L`
- `l_wayo.L` mzazi wake ni `b_shina.L`
- `l_vidole.L` mzazi wake ni `b_ncha.L`

Mstari wa mwisho usomwe mara mbili. Vidole ni watoto wa ncha, si watoto wa shina. Kwa hiyo bawaba ya shina ikizunguka, wayo unainuka na vidole vinabaki chini bapa. Bawaba ya ncha ikizunguka, wayo na vidole vinainuka pamoja. Ukikosea ukavifanya vidole kuwa watoto wa `b_shina.L`, kisigino kikiinuka vidole vitachimba ardhi, nawe utarudi kule kule tulikotoka.

`mguu_kuu.L` wenyewe usiwe mtoto wa nyonga. Ukiwa mtoto wa nyonga, kila mwili unapoyumba na wayo nao unayumba, wala hakuna kukanyaga.

Sasa ingia `Pose Mode` uifunge mifupa ya mwili kwa yale malengo. Kwenye `muundi.L` ongeza sharti la `Inverse Kinematics`, lengo liwe `l_wayo.L`, na `Chain Length` iwe 2, yaani muundi na paja tu. Sharti hili linavuta mwisho wa muundi uende kwenye mwanzo wa `l_wayo.L`, ambao ni kifundo. Kwenye `wayo.L` ongeza `Copy Rotation` yenye lengo `l_wayo.L`. Kwenye `vidole.L` ongeza `Copy Rotation` yenye lengo `l_vidole.L`.

Goti nalo linahitaji mwelekezi. Weka mfupa `goti.L` nusu meta mbele ya goti, mzazi wake awe `mguu_kuu.L`, uutaje katika `Pole Target` ya lile sharti la muundi. Mguu ukigeuka upande, jaribu katika `Pole Angle` namba 90, -90, 0 na 180 mpaka urudi ulivyokuwa.

5. NAMBA MOJA YA KUENDESHA BAWABA TATU

Mchoraji angeweza kuzungusha kila bawaba kwa mkono, lakini ni kazi ya kuchosha na rahisi kukosea. Ni afadhali namba moja iendeshe zote. Katika `Pose Mode` chagua `mguu_kuu.L`, na katika `Custom Properties` ongeza namba iitwayo `roll`. Kima cha chini kiwe -40 na cha juu 80.

Maana yake ni hii. `roll` ikiwa chini ya 0, wayo umesimama kwa kisigino na vidole viko juu. Ikiwa 0, wayo ni bapa. Kutoka 0 hadi 40 kisigino kinainuka kwa bawaba ya shina. Kutoka 40 hadi 80 bawaba ya shina inajinyoosha polepole, na bawaba ya ncha inachukua kazi.

Kila mfupa wa bawaba ufanye `XYZ Euler`, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya `Rotation X`, uchague `Add Driver`. Jina la kigezo liwe `roll`, aina yake `Single Property`, kitu kiwe kiunzi chenyewe, na njia iwe hii:

```
pose.bones["mguu_kuu.L"]["roll"]
```

Kisha andika kanuni, ya kwanza kwenye `b_kisigino.L`, ya pili kwenye `b_shina.L`, ya tatu kwenye `b_ncha.L`:

```
radians(min(roll, 0))
radians(max(0, min(roll, 80 - roll)))
radians(max(0, (roll - 40) * 2))
```

Tuzikague kwa namba. `roll` ikiwa 30, shina ni digrii 30 na ncha ni 0. Ikiwa 60, shina ni 80 kutoa 60, yaani 20, na ncha ni 20 mara mbili, yaani 40. Jumla ni 60. Utaona kwamba jumla ya mzunguko wa wayo daima ni sawa na `roll` yenyewe, ndiyo maana hauruki bawaba moja inapoikabidhi nyingine kazi. Neno `radians` halina budi kuwapo, kwa sababu Blender ndani yake haihesabu kwa digrii. Ukilisahau, wayo utazunguka kama pangaboi.

Katuni akivaa gambuti ngumu isiyokunjika sana, badili 40 iwe 30 na 80 iwe 60, kwenye kanuni na kwenye kima cha juu. Namba kubwa iwe daima mara mbili ya ndogo.

Ukimaliza upande wa kushoto, rudi `Edit Mode`, chagua mifupa yote, utumie `Symmetrize` kupata upande wa kulia. Baada ya hapo hakikisha `mguu_kuu.R` una `roll` yake, na kwamba kanuni za kulia zinasoma `mguu_kuu.R`. Zikisoma `.L` utaona nyayo zote mbili zikiinuka pamoja. Kama kanuni hazipo, ziandike upya.

6. HATUA MOJA, FREMU KWA FREMU

Sasa tumtembeze mtu wetu wa gunia. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde. Mguu mmoja unamaliza mzunguko wake kwa fremu 24, na hatua moja ni sentimeta 60, fupi kidogo kwa sababu amebeba mzigo. Hivyo katika mzunguko mzima kila wayo unasogea sentimeta 120, na nyonga inasogea sentimeta 5 kila fremu bila kusimama.

Kwa kuwa mfupa mkuu umesimama wima, `Location Z` yake ndiyo ya kwenda mbele, na `Location Y` ndiyo ya kwenda juu. Weka alama za mguu wa kushoto hivi:

- Fremu 1: kisigino kinagusa. `roll` -20, mbele 0, juu 0.
- Fremu 4: wayo bapa. `roll` 0.
- Fremu 9: bado bapa. `roll` 0.
- Fremu 13: mguu wa kulia unagusa, kisigino cha kushoto kiko juu. `roll` 40.
- Fremu 15: ncha inaaga ardhi. `roll` 70, mbele 0, juu 0.
- Fremu 20: wayo hewani. `roll` 0, mbele 0.6, juu 0.06.
- Fremu 25: kisigino kinagusa tena. `roll` -20, mbele 1.2, juu 0.

Mguu wa kulia unafuata namba hizo hizo, ila umechelewa fremu 12.

Tazama kwamba tangu fremu ya 1 hadi ya 15 mfupa mkuu haukusogea hata kidogo. Wayo umetua kwa kisigino, umekuwa bapa, umeinuka kwa shina, umesimama kwa ncha, na wakati wote huo namba ya mbele ni 0. Ndiyo faida yote ya bawaba tatu. Kutembea kumewekwa katika `roll`, na kukanyaga kumewekwa katika mfupa mkuu, wala hayagombani. Tena, maadamu `mguu_kuu.L` haujashuka chini ya 0, bawaba za kisigino na ncha haziwezi kuzama.

Tuangalie fremu ya 13, ambayo ndiyo huwashinda wengi. Nyonga imetangulia sentimeta 30 mbele ya mguu wa kushoto, na tumeishusha iwe sentimeta 88 juu ya ardhi. Paja ni sentimeta 42 na muundi 41, jumla 83. Kama wayo ungekuwa bado bapa, kutoka nyonga hadi kifundo pangekuwa na sentimeta 84 na nusu. Mguu haufiki. Goti lingenyooka ghafula kama fimbo, na wayo ungenyofoka kutoka ardhini. Lakini `roll` ikiwa 40, kifundo kimekwenda mbele sentimeta 7 na kupanda sentimeta 6. Umbali unakuwa kama sentimeta 76, na goti linabaki limekunjika vizuri. Kumbe kuinua kisigino ndiko kunakouwezesha mguu wa nyuma kufika.

7. NAMNA YA KUTAMBUA MAKOSA

Usiamini jicho peke yake, maana jicho husamehe. Fungua `Graph Editor` uangalie mstari wa `Location Z` wa mfupa mkuu. Kutoka fremu 1 hadi 15 uwe umelala sawa kabisa. Ukiwa na kitumbo, wayo unateleza ingawa alama zako mbili zina namba ile ile. Sababu ni aina ya vishikio vya mstari. Chagua alama, bonyeza `V`, uchague `Auto Clamped`, na kitumbo kitaondoka.

Mstari ukiwa umelala na bado wayo unanyofoka, kosa liko juu. Angalia mwendo wa nyonga. Ama inakwenda mbio kuliko sentimeta 5 kwa fremu, ama iko juu mno na mguu haufiki. Ishushe sentimeta moja moja, usiguse wayo.

Vidole vikichimba ardhi kisigino kinapoinuka, rudi kwenye sehemu ya nne ukamwangalie mzazi wa `l_vidole.L`. Kukiwa na ufa kati ya `l_wayo.L` na `l_vidole.L`, bawaba ya shina haiko mahali pake.

Mpango huu una mipaka. Bawaba hizi tatu hukunja wayo mbele na nyuma tu. Mtu anayekanyaga ukingo wa mtaro, wayo ukalala upande, anahitaji bawaba mbili zaidi kwenye kingo za ndani na nje. Kadhalika mtu anayepanda ngazi mara nyingi hatui kwa kisigino. Anatua kwa shina la vidole, hivyo aanze na `roll` ya 15 ashuke hadi 0, si -20.

8. KURUDI KWENYE UBAO WA LORI

Tukiwa na mguu unaotulia, sasa tunaweza kuonyesha utelezi. Mtu anayeanguka kwa kuteleza mbele mara nyingi huponyokwa mara tu baada ya kisigino kugusa, kabla wayo haujawa bapa na uzito haujakaa sawa. Kwa hesabu yetu ni baina ya fremu ya 2 na ya 4. Basi mpe mtu wako hatua tatu zilizotulia kabisa, ili mtazamaji azoee kwamba ubao unamshika. Katika hatua ya nne, acha fremu mbili za kwanza zitulie, kisha sogeza `mguu_kuu.L` mbele sentimeta 25 hadi fremu ya 6, `roll` ikiwa bado -20.

Tulipoirudisha filamu kwa njia hiyo, mzee yule yule alikaa kimya mpaka hatua ya nne. Kisigino kilipoponyoka akashika benchi kwa mikono miwili, na kuuliza ni nani atakayemwambia msimamizi apigilie mbao za kukanyagia kwenye ule ubao. Swali hilo likawa ajenda ya kwanza ya mkutano.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini `l_vidole.L` ni mtoto wa `b_ncha.L` na si wa `b_shina.L`? Badili mzazi makusudi, weka `roll` 40, ueleze unachokiona.
2. `roll` ikiwa 50, kila bawaba inazunguka digrii ngapi? Hesabu kwa karatasi kwanza, kisha ukague kwenye skrini.
3. Katika fremu ya 13 inua nyonga sentimeta 10 bila kubadili kitu kingine. Goti linafanya nini, na ungetengenezaje bila kusogeza wayo?
4. Mtazameni mwenzenu mmoja akitembea na mzigo, kisha bila mzigo. Kisigino chake cha nyuma kinainuka lini: kabla mguu wa mbele haujagusa, au baada ya kugusa? Linganisheni na namba zetu, mzibadili inapobidi.